Geti la Chuma Lisiloburuta Mchangani: Nguzo, Fremu na Bawaba kwa Nyumba za Malindi

Geti likianza kuburuta, mwenye nyumba humwita fundi wa kuchomelea. Fundi huinua ncha kwa jeki, huikata bawaba ya juu, huirudisha nyuma kidole kimoja, huichomea tena, hulipwa na kwenda zake. Miezi minne baadaye ncha iko mchangani vilevile. Nimeifanya kazi hiyo kwa pesa za watu mara nyingi kabla sijaelewa kwamba natibu mlango ilhali mgonjwa ni nguzo.

Kabla ya kukata chochote, pima. Teremsha timazi kwenye nguzo yenye bawaba. Ikiwa imeinama, jibu umepata, na lililobaki halikuhusu kwanza. Ikiwa imesimama wima, pima mlango kutoka kona hadi kona kwa mshazari, mara mbili. Vipimo vikitofautiana, fremu ndiyo iliyolala. Vikilingana, shika ncha ya mlango uiinue kwa mkono. Ikipanda bila kitu kingine kusogea, pini ya bawaba imelika. Huku kwetu Malindi, kwenye viwanja vya mchanga vilivyo karibu na bahari, ninayokutana nayo zaidi ni ile ya kwanza.

Nitaeleza kwa geti moja nililolijenga upya upande wa Casuarina. Nafasi kati ya nguzo na nguzo ilikuwa mita 3.6, geti la milango miwili, kila mlango upana wa mita 1.75 na kimo cha mita 1.8. Milango miwili inakula mita 3.5. Sentimita 10 zilizobaki nilizigawa: 4 kila upande kwa bawaba, na 2 katikati ili milango isigusane.

Geti la zamani lilikuwa limeinamisha nguzo zote mbili kwa ndani, zikaelekeana kama wazee wawili wanaonong'onezana barazani. Mama mwenye nyumba aliniambia, "Fundi, wenzako walishakuja mara tatu." Nikachimbua. Chini ya kila nguzo kulikuwa na kibonge cha zege cha sentimita 30 kwa 30, kina 60, katikati ya mchanga mweupe unaomwagika ukiugusa.

Hesabu ya shimo

Hapa naomba uvumilivu kidogo, maana hesabu hii ndiyo iliyonibadilisha. Mlango mmoja wa geti nitakaloeleza una uzito wa karibu kilo 60. Uzito huo hauko kwenye nguzo, uko katikati ya mlango, kama sentimita 87 kutoka kwenye bawaba. Ukizidisha uzito kwa umbali unapata nguvu ya kuipindua nguzo: 52 na kitu, tuseme 50, kwa kipimo cha kilo na mita.

Sasa kile kibonge kidogo. Zege lina uzito wa karibu kilo 2,400 kwa mita moja ya ujazo, kwa hiyo chenyewe ni kilo 130 hivi. Kikitaka kupinduka kinageuka kwenye ukingo wake, na uzito wake uko sentimita 15 tu kutoka ukingoni. Kinachozuia ni chini ya 20. Kinachosukuma ni 50. Pengo lote limeachiwa mchanga ulioko pembeni, na mchanga mkavu hauko tayari kushikilia kitu usiku na mchana kwa miaka. Unasogea punje kwa punje.

Shimo nililochimba ni sentimita 50 kwa 50, kina 90. Zege lake ni kilo 540, na uzito huo uko sentimita 25 kutoka ukingoni, kwa hiyo linazuia 135 kabla hujauhesabu mchanga. Mtoto wa kilo 30 akining'inia kwenye ncha ya geti, na ataning'inia, msukumo unapanda hadi karibu 100. Bado nguzo ina akiba.

Angalia kilichotokea: upana haukufika hata mara mbili, lakini nguvu ya kuzuia imepanda mara saba. Ndiyo maana mtu akiniambia tuongeze kina tu tuache upana, nakataa.

Wa upande wa Gede wenye udongo mwekundu ulioshikana wanaweza kupunguza kidogo, kwa sababu udongo ule hushika. Ukikuta mwamba wa matumbawe kabla ya kufika sentimita 90, usiukimbie wala usiishie hapo. Utifue kwa mtaimbo ushuke kadiri unavyoweza, na kina kinachokosekana kifidie kwa kutanua shimo. Kwenye mchanga tupu shida ni kuta kuporomoka. Mwagia maji kuta za shimo zilowe, na ukiona bado zinamwagika, shindilia mbao pembeni au shusha pipa lililokatwa pande zote mbili. Usichimbe leo umwage zege wiki ijayo.

Mkanda wa chini

Nguzo za geti la milango miwili huinamia ndani kwa sababu geti hufungwa saa nyingi kuliko linavyofunguliwa. Kila mlango unavuta nguzo yake kuelekea katikati ya njia. Basi ziunganishe chini: chimba mtaro kutoka shimo hadi shimo, upana sentimita 20 na kina 20, umwage zege mara moja pamoja na mashimo. Nguzo moja ikitaka kuingia ndani inakutana na msukumo wa mwenzake.

Ndani ya mkanda huu nililaza nondo 4 za milimita 12, kila moja urefu wa mita 4, zikiwa zimefungwa kwa ringi za nondo ya milimita 8 kila baada ya sentimita 20. Nondo zipite ubavu huu na huu wa nguzo, ziingie ndani kabisa ya zege la shimo. Ziinue kwa vipande vya zege vya sentimita 4 au 5 zisiguse mchanga. Nondo iliyolala juu ya mchanga wa pwani haikai. Ikipata kutu inavimba, na mkanda unapasuka kwa urefu kama muhogo.

Katikati ya mkanda, mahali milango inapokutana, nilipanua zege kuelekea ndani hadi upana wa sentimita 30, nikasimamisha kipande cha bomba la inchi 1 cha kupokea komeo la chini. Bomba hilo lipenye hadi mchangani, chini liwe wazi. Ukiliziba chini litajaa maji na mchanga, na komeo halitashuka.

Nguzo zenyewe

Nilitumia bomba la mraba la milimita 100 kwa 100, unene milimita 4. Linauzwa kwa urefu wa mita 6, na nguzo mbili za mita 2.8 zinatoka humo. Sentimita 80 zinazama kwenye zege, mita 2 zinabaki juu. Chini ya nguzo pabaki sentimita 10 za zege, chuma kisiukanyage mchanga. Kwenye sehemu itakayozama, chomelea vipande viwili vya nondo vya sentimita 30 vinavyokatana msalaba, ili nguzo isizunguke ndani ya zege.

Masikio ya bawaba yachomee mezani, kabla nguzo haijasimama. Sikio ni kipande cha bamba cha unene wa milimita 10, kimo sentimita 8, kinachotokeza sentimita 6 kutoka upande wa nguzo unaotazama uani. Sababu za kuliweka upande wa uani ni mbili: mlango unafunguka bila kuubana ukingo wa nguzo, na nati zake hazifikiwi na mtu aliye barabarani. Sikio la juu lina tundu la bolti ya milimita 20. La chini lilaze kama rafu na ulichomelee pini inayoangalia juu. Kati ya bawaba na bawaba niliacha mita 1.4.

Umbali huo usiuchezee. Bawaba ya juu inavutwa kwa nguvu ambayo unaipata kwa kugawa ile 52 na kitu kwa umbali wa bawaba. Kwa mita 1.4 ni kama kilo 37. Ukizikaribisha hadi mita 1 inakuwa 52. Ukimweka na yule mtoto kwenye ncha, kilo 37 zinakuwa 75 papo hapo. Bawaba zilizokaribiana ni ugonjwa wa kujitakia.

Wakati wa kusimamisha, funga uzi kati ya nguzo mbili, na utumie bomba la maji la plastiki lenye maji ndani, au pima maji juu ya mbao ndefu iliyonyooka, kuhakikisha sikio la kushoto na la kulia viko kimo kimoja. Timazi ipite pande mbili za kila nguzo. Zifungie kwa mbao za mshazari pande mbili, kisha pima tena nafasi ya mita 3.6 juu na chini. Kosa la milimita 8 kati ya bawaba mbili linashusha ncha ya mlango milimita 10. Halionekani kwa jicho ukiwa karibu na nguzo, lakini kule mwisho mlango mmoja utakuwa chini ya mwenzake na kila mgeni ataliona.

Zege

Mashimo mawili na mkanda vinakula karibu mita 0.6 ya ujazo. Mchanganyiko ni simiti moja, mchanga mbili, kokoto nne. Mfuko wa kilo 50 una ujazo wa lita 35 hivi, kwa hiyo kwa kila mfuko weka ndoo tatu na nusu za lita 20 za mchanga na ndoo saba za kokoto. Mifuko 4 inatosha. Nunua 5, kwa sababu nguzo zenyewe zinajazwa zege ndani, na kuna kola ya kumalizia. Maji ni lita 25 hivi kwa mfuko, pungufu ikiwa mchanga umelowa. Zege lisimame kwenye koleo, lisitiririke kama uji.

Mchanga wa ufuoni usiuguse, hata jirani akikwambia kwake ameutumia. Chumvi yake inakula chuma kutoka ndani. Ukiletewa mchanga usiojua ulikotoka, onja punje chache kwenye ulimi. Maji ya kisima cha karibu na bahari nayo huwa ya chumvi, tumia ya mfereji au ya kununua kwa mitungi.

Mimina tabaka la sentimita 10 chini, simamisha nguzo, kisha endelea kwa tabaka za sentimita 20, ukichoma kila tabaka kwa kipande cha nondo mpaka mapovu yaishe. Kila baada ya tabaka mbili rudi kwenye timazi, kwa sababu zege linapoingia husukuma nguzo upande mmoja. Ukifika juu jaza ndani ya nguzo pia, ufunike kichwa kwa kifuniko cha bamba baadaye.

Chuma cha nguzo hufa pale kinapotoka ardhini, ambapo unyevu na hewa vinakutana. Kwa hiyo zungushia nguzo kola ya simiti na mchanga, kimo sentimita 10, unene 3, yenye mteremko wa kumwaga maji nje. Isizidi 3, mlango uko sentimita 4 tu kutoka hapo.

Funika kwa magunia na uyamwagie maji asubuhi na jioni kwa siku 7. Upepo wa kaskazi hukausha zege kabla halijapata nguvu, na zege lililokaushwa hivyo hubaki la unga. Geti usilitundike kabla ya siku hizo 7 kuisha. Ukiweza kungoja 14 ni bora, maana zege hufikia nguvu yake ya kawaida siku ya 28. Mwenye nyumba atakusukuma. Mwambie wiki hiyo unatengeneza fremu, na ndiyo kweli.

Fremu

Kwa kila mlango nilitumia mabomba mawili ya mraba ya milimita 40 kwa 40, unene 2, ya mita 6. Bomba la kwanza linatoa miguu miwili ya mita 1.8 na mkono wa juu wa mita 1.75. La pili linatoa mkono wa chini, mkono wa katikati, na mshazari wa karibu mita 2.4. Nusu ya chini nilifunika kwa bamba la geji 16, nusu ya juu nikaweka vyuma vya mraba vya milimita 12, vipande 15, vinavyoacha nafasi ya chini ya sentimita 10 kati yake.

Wengi hupenda bamba juu mpaka chini ili mpita njia asione ndani. Naelewa haja ya sitara, lakini upepo wa kilomita 72 kwa saa ukipiga mlango uliozibwa wote, unausukuma kwa karibu kilo 80. Wakati wa kusi, geti la namna hiyo likiachwa wazi bila kufungwa linajigonga mpaka linang'oa bawaba. Ukishikilia sitara, weka bamba lote, ila ongeza ndoano imara ya kuushika mlango ukiwa wazi, na ujue uzito umepanda.

Sasa mshazari. Fremu ya pembe nne isiyo na mshazari inategemea kona zake tu. Bamba la chini likichomewa vizuri linashika nusu yake, lakini vyuma vilivyosimama juu havizuii kitu, vinalala pamoja na fremu. Mshazari wa bomba uanzie kona ya chini upande wa bawaba, uinuke hadi kona ya juu upande wa ncha. Hapo unabeba ncha kama mtu anavyotegemeza tawi la mwembe kwa gongo. Ukitaka kutumia fletibaa nyembamba badala ya bomba, geuza: ianzie kona ya juu ya bawaba, ishuke hadi kona ya chini ya ncha, ili ivutwe. Fletibaa ikisukumwa inajipinda tu. Nimekuta mageti mengi yenye fletibaa iliyowekwa upande wa makosa. Ni pambo. Mshazari upite mzima, mkono wa katikati ndio ukatwe vipande viwili.

Kata kona za nje kwa nyuzi 45. Panga vipande juu ya meza iliyonyooka au juu ya mabomba mawili yaliyopimwa kwa pima maji, usipange sakafuni. Piga madoa ya weldi kwenye kona zote nne, kisha pima mishazari. Kwa mlango huu kila mmoja unapaswa kuwa mita 2.51. Tofauti ikizidi milimita 2, gonga kona ya mshazari mrefu mpaka vilingane. Ndipo uweke mkono wa katikati na mshazari, kwa madoa pia.

Vijiti vya E6013 vya milimita 2.5, ampea 65 hadi 75, vinatosha kwa bomba la unene huu. Ukizidisha moto unalitoboa. Chomelea kona moja, kisha nenda kona inayotazamana nayo, usizunguke kwa mfululizo. Kila weldi inapopoa hujikunja na kuvuta fremu upande wake, na ukimaliza kona moja pande zote kwa mara moja utapata mlango uliopinda kama jahazi lililokauka juani. Funga kila kiungo pande zote nne, hewa ya bahari isipate pa kuingia ndani ya bomba. Unapopiga graenda, lainisha tu. Ukiisaga weldi mpaka iwe sawa na bomba la milimita 2, ulichokiacha pale ni karatasi.

Bamba lichomee kwa mishono ya sentimita 3, moja kila baada ya sentimita 15, ukianzia katikati ya kila upande kwenda nje na kubadilisha pande. Likichomewa mfululizo litajaa mawimbi. Mwanya unaobaki kati ya bamba na bomba, baada ya praima, uzibe kwa silikoni ya kupakwa rangi. Chumvi ikikaa humo, kutu itaanza mahali ambapo brashi haifiki.

Ukinunua bomba la galvanaizi, saga ile tabaka ya zinki sentimita kadhaa kabla ya kuchomelea na ufanye kazi mahali penye upepo. Moshi wake mweupe huleta homa na baridi usiku ule. Nililala nayo mara moja nikidhani ni malaria.

Rangi haina siri kubwa. Gonga magamba ya weldi, saga, osha kwa maji baridi ya mfereji kuondoa chumvi, kausha, na upake praima siku hiyohiyo, maana chuma kilicho wazi hapa kinageuka rangi usiku mmoja. Praima mara mbili, rangi ya mafuta mara mbili.

Kutundika

Bawaba ya chini inabeba uzito wote. Mlango una bomba fupi linalokaa juu ya pini ya nguzo, na kati yake weka washa mbili nene zenye grisi. Bawaba ya juu haibebi uzito, inavuta tu. Ni bolti ya milimita 20 yenye jicho kwenye ncha yake, inayopita kwenye tundu la sikio na kushikwa na nati mbili, moja mbele ya sikio na moja nyuma. Pini ya juu imechomewa kwenye mlango, nayo inaangalia juu, ikiingia ndani ya jicho kutoka chini. Kwa hiyo nati zikishakazwa, mwizi hawezi kuunyanyua mlango na kuondoka nao.

Simamisha mlango juu ya matofali na kabari za mbao, sentimita 5 kutoka ardhini. Bomba la bawaba ya chini na pini ya juu viweke kwa madoa tu kwanza. Hakikisha kwa timazi kwamba pini ya juu iko juu kabisa ya ile ya chini, ukitazama kutoka barabarani na ukitazama kutoka ubavuni. Ikitoka nje ya mstari kuelekea uani au barabarani, mlango utajifungua au kujifunga wenyewe, na ncha itapanda upande mmoja na kushuka upande wa pili. Ondoa kabari, ufungue na kufunga mara kadhaa. Ukiridhika, chomelea sawasawa.

Usiuache mlango ukiwa sawa kabisa na pima maji. Nati zina nafasi ndogo ya kukaa, washa zitalika kidogo, na zege bado linatulia. Ninanyanyua ncha milimita 5 juu ya usawa. Kwa vipimo vyetu, kuvuta jicho la juu milimita 4 kuelekea nguzo kunainua ncha milimita 5. Legeza nati ya mbele, kaza ya nyuma, kisha rudisha ya mbele. Hakuna kukata wala kuchomelea tena, spana mbili zinatosha.

Gurudumu chini ya ncha niliwahi kuliweka kwa mteja aliyelisisitiza. Kwenye zege linafaa. Mchangani lilichimba mfereji wake, na badala ya kuubeba mlango likawa linaivuta fremu kila linapokwama. Nilichoweka Casuarina ni kipande cha engo kilichochomewa juu ya bomba la komeo, chenye mteremko mdogo, ili mlango unaofungwa ukwee juu yake na upumzike. Usiku kucha nguzo hazibebi karibu chochote.

Baada ya mwezi mmoja nilirudi na timazi. Nguzo zilikuwa wima, na ncha zilikuwa zimeshuka milimita 2 kutoka zile 5. Sikugusa nati. Nilitia grisi kwenye pini, nikamwonyesha kijana wa pale nyumbani namna ya kusafisha mchanga uliojaa kwenye bomba la komeo, na kumwambia aoshe geti kwa maji ya mfereji kila kusi inapovuma sana, hasa upande wa nyuma wa bamba ambako mvua haipigi.